Siku ya Vipimo Shuleni: Barua ya Mwalimu wa Afya na Siri ya Namba za Mtoto

Siku chache kabla ya upimaji wa afya, mwanafunzi wa shule ya msingi hurudi nyumbani na barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa na mwalimu wa afya wa shule. Wazazi na walezi wengi huisoma kwa haraka, hutia saini chini na kuirudisha. Wengine hubaki na maswali ambayo hawapati nafasi ya kuyauliza: mtoto atapimwa nini, namba zitakazopatikana zitatumika vipi, na nani atazijua? Makala haya yanafafanua barua hiyo kwa wakazi wa kata, hatua kwa hatua, kama upimaji unavyotakiwa kufanyika.

Swali la nani atazijua namba ndilo linaloamua kama siku hiyo itafaulu. Mtoto ambaye mwaka uliopita kilo zake zilisomwa kwa sauti mbele ya wenzake, akatoka hapo na jina la utani, mwaka unaofuata ataamka asubuhi hiyo akilalamikia tumbo. Atabaki nyumbani. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo, mwembamba kupita kiasi au mzito kupita kiasi, ndiye hasa aliyehitaji kuonekana na mtaalamu. Kwa hiyo siri ya vipimo ni sehemu ya upimaji wenyewe. Ikivunjika, rejista hujaa namba za watoto wasio na tatizo, na wenye tatizo hukosekana.

Vinavyopimwa

Barua hutaja vipimo vitatu: uzito, urefu na uwezo wa macho kuona. Hakuna damu inayotolewa, hakuna sindano, na hakuna dawa inayotolewa siku hiyo. Ugawaji wa dawa za minyoo na za kichocho, pamoja na chanjo, una siku zake na taarifa zake kwa wazazi.

Uzito hupimwa kwa mizani iliyowekwa juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Mizani ikiwekwa juu ya mkeka, mchanga au sakafu yenye nyufa husoma vibaya. Kabla ya mtoto wa kwanza kupanda, mwalimu huhakikisha kwamba mizani inaonyesha sifuri, kisha hupima kitu ambacho uzito wake unajulikana. Njia rahisi ni dumu lililojazwa maji na kufungwa vizuri. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, dumu lenye lita 10 husoma kilo 10 pamoja na uzito wa dumu lenyewe. Dumu hilo hilo hupimwa tena katikati ya zoezi na mwishoni. Likibadilika namba, mizani imeyumba, na watoto waliopimwa baada ya ukaguzi wa mwisho uliokuwa sahihi hupimwa upya.

Mtoto hupanda mizani bila viatu, bila sweta na bila kitu mfukoni. Ndiyo maana barua huomba avae nguo nyepesi za michezo. Sweta nzito na mfuko uliojaa gololi huweza kuficha wembamba unaopaswa kuonekana.

Urefu hupimwa kwa ubao uliosimamishwa wima ukutani. Mtoto husimama bila viatu, visigino, makalio, mabega na kisogo vikiugusa ubao, macho yakitazama mbele moja kwa moja bila kidevu kuinuliwa. Kibao cha juu hushushwa mpaka kiguse fuvu, si nywele. Msichana aliyesukwa nywele zikafungwa utosini hawezi kupimwa kwa usahihi, kwa hiyo barua huomba mtindo huo uepukwe siku hiyo. Kila mtoto hupimwa mara mbili. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya nusu sentimita, hupimwa mara ya tatu. Aidha, watoto wote hupimwa asubuhi, kwa sababu mwili wa mtu hupungua urefu kidogo kadiri siku inavyokwenda, na tofauti hiyo huweza kukaribia sentimita moja.

Mtoto asiyeweza kusimama wima kwa sababu ya ulemavu halazimishwi. Mzazi hushauriana na mwalimu mapema, na vipimo vyake huachiwa mhudumu wa afya mwenye njia nyingine ya kumpima.

Macho hupimwa kwa chati yenye herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali. Mtoto hahitaji kujua kusoma. Huonyesha kwa mkono upande ambao miguu ya herufi imeelekea. Husimama umbali ambao chati imetengenezewa, kwa kawaida mita 6, na hupimwa jicho moja baada ya jingine. Jicho lisilopimwa hufunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza. Mtoto mwenye miwani hupimwa akiwa ameivaa, kwa hiyo barua humkumbusha mzazi asiiache nyumbani.

Kupima jicho moja moja kuna sababu. Mtoto mwenye jicho moja zima na jingine dhaifu huishi bila kujua, maana jicho zima hubeba kazi yote. Ubongo nao huzoea kulipuuza lile dhaifu, na likiachwa hivyo mpaka ukubwani, miwani haiwezi kulisaidia kama ambavyo ingelisaidia mapema. Mwalimu anayepima huangalia pia namna mtoto anavyotazama. Akikunja macho, akiinamisha kichwa upande mmoja au akichungulia kati ya vidole, jibu lake sahihi haliaminiki. Mtoto asiyeweza kuona mstari wa 6/12, yaani mstari ambao jicho zima huuona kwa umbali wa mita 12, huandikiwa rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa macho.

Namba moja peke yake haisemi kitu

Wazazi wanapopata matokeo, jambo la kwanza hufanywa ni kulinganisha: mtoto wa jirani ana kilo 27, wa kwetu ana 22, na wote wako darasa moja. Ulinganisho huo hauna maana. Kilo 22 zaweza kuwa sawa kabisa kwa mtoto mmoja na kuwa dalili ya tatizo kwa mwingine, kwa sababu uzito husomwa pamoja na urefu, umri na jinsia.

Hesabu inayotumika ni uwiano wa uzito na urefu. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima jibu lake hulinganishwa na vikomo vya aina moja kwa watu wote. Kwa mtoto sivyo, kwa kuwa mwili wake unakua. Jibu la mtoto hulinganishwa na majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, yaliyopangwa kwa kila mwezi wa umri kuanzia miaka 5 hadi 19, ya wasichana peke yake na ya wavulana peke yake.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi kosa dogo linavyoweza kubadilisha matokeo. Msichana aliyetimiza miaka 9 ana kilo 22 na urefu wa sentimita 128, yaani mita 1.28. Mita 1.28 mara 1.28 ni 1.638. Kilo 22 zikigawanywa kwa 1.638, jibu ni 13.4. Katika jedwali la wasichana wa miaka 9, anayepungua 13.1 huhesabiwa kuwa amekonda kiasi cha kuhitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Msichana huyu ni mwembamba, lakini yuko juu ya kikomo hicho. Anapaswa kufuatiliwa katika upimaji ujao, bila ya kupewa rufaa sasa.

Sasa ichukuliwe kwamba alivua viatu kwenye mizani, akavivaa tena wakati wa kuhamia kwenye ubao wa urefu, na mpimaji hakuona. Soli nene zikampa sentimita 3. Urefu wake umeandikwa 131. Mita 1.31 mara 1.31 ni 1.716, na kilo 22 zikigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni 12.8. Mtoto yule yule, asubuhi ile ile, ameshuka chini ya kikomo, na mzazi wake atapokea barua ya rufaa kwa sababu ya viatu.

Kosa la umri hufanya vivyo hivyo. Kama rejista ya shule ilimwandika kuwa ametimiza miaka 10 ilhali ana miaka 9, jibu lake sahihi la 13.4 litasomwa katika mstari wa miaka 10, ambako kikomo ni 13.5. Hapo pia ataonekana amekonda. Hii ndiyo sababu barua huomba nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki yenye tarehe kamili. Umri uliokadiriwa siku ya kuandikishwa darasa la kwanza hautoshi kwa kazi hii. Mzazi anayejua kwamba tarehe iliyoko shuleni si sahihi anaombwa aisahihishe kabla ya siku ya vipimo.

Kwa hiyo matokeo ya shule ni kichungio, si uamuzi wa daktari. Rufaa humaanisha kwamba mtoto anahitaji kupimwa tena na mtu mwenye utaalamu zaidi. Kwenye zahanati au kituo cha afya, jambo la kwanza litakalofanywa ni kurudia uzito na urefu. Wapo watakaorudishwa nyumbani hapo hapo. Wapo watakaoulizwa kuhusu chakula, homa za mara kwa mara, minyoo au kikohozi kisichoisha, kwa kuwa wembamba una sababu nyingi na mizani haiwezi kuitaja hata moja.

Namba husafiri wapi

Sehemu ya pili ya barua inahusu siri, na huanzia kwenye mpangilio wa chumba. Watoto hungoja nje na huingia mmoja mmoja. Mizani huwekwa nyuma ya pazia au kabati, uso wake ukielekea kwa mpimaji. Mpimaji hatamki namba. Mwandishi huisoma mwenyewe kwenye mizani na kuiandika. Ikibidi itamkwe, hutamkwa kwa sauti ya chini. Wasichana hupimwa na mwalimu au mhudumu wa kike. Wanafunzi wakubwa hawatumiwi kuandika namba za wadogo zao, hata kama walimu ni wachache, kwa sababu siri iliyopita mikononi mwa mwanafunzi hufika uwanjani kabla ya mapumziko.

Karatasi ya kuandikia hubeba namba ya usajili ya mwanafunzi badala ya jina. Orodha inayounganisha namba na majina hukaa kwa mwalimu wa afya, mbali na karatasi ya vipimo, na vyote hufungiwa kabatini zoezi linapokwisha. Mtu akiokota karatasi moja iliyodondoka uani, ataona namba tu.

Matokeo huenda kwa mzazi katika bahasha iliyofungwa. Hayasomwi mstarini, hayabandikwi ubaoni, na hayatumwi kwenye kundi la simu la wazazi wa darasa. Hilo la mwisho linahitaji mkazo. Picha moja ya ukurasa wa rejista, iliyotumwa kwa nia njema ili wazazi wapate matokeo haraka, huwapa watu wote wa kundi uzito wa watoto wote wa darasa, na haiwezi kurudishwa. Ndani ya bahasha huandikwa vipimo vitatu, tarehe, na sentensi moja ya maelekezo: hakuna hatua inayohitajika, au mtoto afikishwe kituo cha afya, au aonwe na mtaalamu wa macho. Maneno kama mnene au kimbaumbau hayana nafasi humo.

Mwalimu wa darasa haoni rejista. Akihitaji kujua jambo, kwa mfano kwamba mtoto akae dawati la mbele kwa sababu haoni ubao, huambiwa jambo hilo tu, mzazi akiwa ameridhia. Mhudumu wa afya huona taarifa za mtoto aliyepewa rufaa, basi.

Halmashauri nayo hupokea taarifa, lakini ni jumla tupu: wasichana wangapi wamepimwa na wavulana wangapi, wangapi wako chini ya kikomo, wangapi wamepewa rufaa ya macho. Jumla hizo ndizo zinazomwezesha afisa lishe wa wilaya kuona shule ipi inahitaji kufuatiliwa kwanza. Hata jumla, hata hivyo, huweza kumtaja mtu. Darasa likiwa na wasichana watatu tu wa umri fulani, na taarifa ikasema mmoja wao amekonda, kijiji kizima kitamjua. Kwa hiyo makundi madogo namna hiyo huunganishwa na ya madarasa mengine kabla ya taarifa kuondoka shuleni.

Utaratibu huu una msingi wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya na taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, zinazohitaji uangalizi mkubwa kuliko nyingine. Saini ya mzazi chini ya barua si utaratibu wa kawaida tu wa shule. Ni ridhaa ya taarifa za mwanawe kukusanywa kwa kazi iliyotajwa, na si kwa kazi nyingine. Mzazi anaweza kukubali kipimo kimoja na kukataa kingine, na mtoto ambaye mzazi wake hakuridhia hubaki darasani akiendelea na masomo, bila kuulizwa sababu mbele ya wenzake.

Siri hiyo ina mpaka mmoja, na barua iliyoandikwa kwa uaminifu huutaja. Mtoto akionekana ana alama za kupigwa au dalili za kutendewa ukatili, jambo hilo haliwezi kubaki ndani ya bahasha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayeona haki za mtoto zikivunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, na mwalimu ni mwanajamii.

Panapoharibika, na namna ya kujua

Mzazi hayupo chumbani wakati wa kupima, lakini anazo njia za kujua kama kazi ilifanyika sawasawa. Urefu wa mtoto haupungui. Bahasha ya mwaka huu ikionyesha sentimita 126 na ya mwaka jana ilionyesha 129, moja kati ya hizo ina kosa, na mzazi ana haki ya kuomba mtoto apimwe tena. Watoto wengi wa darasa moja wakiwa na uzito unaoishia na sifuri au tano, namba zilikadiriwa kwa macho. Mwalimu anayekagua rejista kabla ya kuifunga huangalia mambo haya mawili kwanza.

Upande wa siri, kipimo ni mtoto mwenyewe. Swali la kumuuliza jioni hiyo si kilo zake ni ngapi. Aulizwe kama anajua kilo za mwenzake. Akiweza kutaja uzito wa watoto watatu, pazia halikufanya kazi, na mwalimu wa afya anapaswa kuelezwa mapema, kabla ya darasa lingine kupimwa. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mwalimu wa afya, kisha kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Yasipotatuliwa hapo, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo yenye mamlaka ya kuyapokea.

Nyumbani pia kuna siri ya kulindwa. Bahasha ikifunguliwa mbele ya ndugu na majirani, na namba zikageuzwa mzaha wa mezani, yote yaliyofanywa nyuma ya pazia yamekwenda bure. Mtoto aliyepewa rufaa aambiwe kwa faragha kwamba atakwenda kupimwa tena, na apelekwe mapema akiwa na bahasha yake na kadi ya kliniki kama bado ipo. Aliyeambiwa hakuna hatua inayohitajika awekewe karatasi yake mahali salama, kwa sababu namba za mwaka huu zitahitajika mwakani, zitakapowekwa kando ya namba mpya na kuonyesha kama anakua.

Mzazi anayetaka kueleza jambo kuhusu afya ya mwanawe kabla ya siku hiyo, kama vile dawa anazotumia au sababu ya kuogopa kupimwa, anaweza kuliandika na kulifunga kwenye bahasha yenye maneno "Mwalimu wa Afya" juu yake, au kufika mwenyewe shuleni baada ya masomo. Asubuhi ya vipimo mtoto anywe chai na kula kama kawaida. Kumnyima chakula au kumshindilia maji ili kilo zibadilike humdanganya mtu mmoja tu, naye ni mzazi atakayeisoma karatasi hiyo.